Tupeane uzoefu: kutaja jina na kusikia namba za Kiingereza simuni

Mama Idi, Lamu: Jana tikiti ya ndege ya mwanangu imekuja imeandikwa Ede. Anaitwa Idi. Nilimtajia yule dada wa tikiti polepole: i, di, i. Nani mwingine yamemkuta?

Mwalimu mstaafu: Pole dada. Ukisema "i", Mwingereza anasikia jina la herufi E. Yao I huitwa "ai", na A huitwa "ei". Tumia maneno ya marubani: India, Delta, India. E ni Eko, A ni Alfa.

Kaka wa Watamu: Mimi kitambulisho kina Mohamed, cheti kina Muhammad. Niende ofisi gani?

Mama Idi, Lamu: Hiyo si mada ya leo, kaka yangu.

Mpishi, Malindi: Mie iliniuma kwenye namba. Mgeni alipiga kuagiza chakula cha jioni, nikasikia "thati". Nikamuuliza, "Thati?" Akasema, "Yesi." Nikakopa kamba kilo sita sokoni, nikaazima viti kwa jirani, nikapika wali wa nazi sufuria mbili. Saa moja na nusu usiku zikaja tuktuk tano. Nikahesabu vichwa: 13. Nikasimama mlangoni nikingoja tuktuk nyingine, hadi yule mgeni akaniuliza namngoja nani. Deni la kamba nimelilipa miezi miwili.

Kijana wa ufuoni: Ungesikiliza mwisho. Thatini inavutwa na ina n, thati inakatwa.

Mwalimu mstaafu: Ni kweli neno likisimama peke yake. Likifuatwa na "gesti", mkazo wa thatini huweza kurudi mbele, na n simuni humezwa. Kosa lilikuwa kumrudishia neno lilelile: naye alisikia thatini yake, ndiyo maana akakubali. Muulize kwa tarakimu: "Wani thrii, au thrii ziro?" Hapo hana budi kuchagua.

Mpishi, Malindi: Laiti ningelijua hilo siku ile.

Dada wa duka la vinyago: Kiitaliano hakina tabu hizo. I ni i, E ni e, na wenyewe hutaja kwa miji: M ya Milano, N ya Napoli.

Kijana wa ufuoni: Hakina tabu? Sesanta ni 60, setanta ni 70. Mtandao ukikatika katikati utazijuaje?

Dada wa duka la vinyago: Nasema herufi, wewe unaleta namba!

Nahodha: Mwambieni atume ujumbe, yaishe.

Mpishi, Malindi: Wa kwangu alipiga kwa simu ya mezani ya hoteli. Angetuma wapi?

Binti wa mapokezi: Na sifuri mjihadhari, wengi huisoma "ou" kama herufi. Halafu "dabo seveni" ni 77. Juzi niliandika saba moja tu, namba ikapungua tarakimu. Siku hizi nahesabu kwanza zimetimia ngapi, ndipo nakata simu.

Mama Idi, Lamu: Nimepiga tena. Nikasema India, Delta, India, naye akanirudishia "ai, dii, ai". Sasa ameuliza jina la baba, Athmani, kama lina i mwishoni. Nimemwambia asikate, natoa pasipoti kabatini.