Mafuta ya nazi ya kunywa: ya baridi au ya kuchemsha? Naomba ushauri

BintiLangoni: Assalaam alaykum jamani. Niko Lamu. Mzee wangu tangu mwezi wa tatu anakunywa mafuta ya nazi vijiko viwili vikubwa kila asubuhi kabla ya chai, kwa ajili ya moyo na kupunguza tumbo. Swali langu fupi: yaliyokamuliwa baridi na yale ya kuchemsha tui, yapi bora kwa kunywa? Ya baridi ni ghali, tena yanaganda kwenye chupa, kila asubuhi niyatie kwenye maji moto ndiyo yamiminike.

MamaMahamri: Waalaykum salaam mwanangu. Ya kuchemsha, usihangaike. Mimi huchuja tui zito la nazi kumi, nalibandika moto mdogo na kukoroga. Sikiliza sufuria: maadamu linalia chwa chwa, maji bado yamo. Likinyamaza na mashapo yakawa rangi ya kahawia, epua hapo hapo. Ukiepua mapema yataingia harufu ya uvundo kabla ya mwezi kuisha. Nywele zangu shahidi, nina miaka 58 na sijapaka kitu kingine.

PundaMchovu: Bi mkubwa, mzee anakunywa, hajipaki 😂

KijanaMambrui: Mzee yuko sawa kabisa. Mafuta ya nazi ni ya mnyororo wa kati, yanakwenda moja kwa moja kwenye ini na kuchomwa kama kuni, hayakai mwilini. Na babu zetu walikula nazi maisha yao yote, nani alikuwa na presha?

MpishiWaWodi: Kijana, hapo una nusu ya maneno. Majaribio yaliyoonyesha hivyo yalitumia mafuta maalumu yaliyotengenezwa maabara, yenye mnyororo mfupi kuliko haya. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na hiyo sehemu yake kubwa mwili huibeba kwenye damu kama mafuta mengine mazito. Babu zetu nao walikula tui kwenye samaki na kunde, wakasukuma mashua kwa pondo kutwa nzima. Hakuna aliyeamka akanywa mafuta kwa kijiko.

Dada, kuhusu swali lako: kwa moyo hayana tofauti. Kuchemsha kunaondoa maji na kubadilisha harufu. Mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya, ni yale yale, zaidi ya asilimia 80. Ila mimi nauliza jingine. Mzee ana umri gani, na kuna dawa yoyote anatumia?

BintiLangoni: Ana 63. Afya yake nzuri, anapanda ngazi za nyumba bila shida. Nauliza mafuta tu.

MpishiWaWodi: Hujajibu la dawa.

BintiLangoni: Kuna vidonge vya kolesteroli alipewa. Vilimuumiza misuli ya mapaja, hata kuchutama shida. Tukaviacha tulipoanza mafuta. Hatukukurupuka, tulisoma sana.

FundiJahazi: Watu hawapewi vidonge hivyo kama pipi. Alipewa kwa nini?

BintiLangoni: Haya. Ramadhani iliyopita mdomo ulimwenda upande kwa nusu saa akiwa anafungua swaumu, kisha ukarudi. Walisema kiharusi kidogo. Lakini vipimo vya juzi vina habari njema pia: ile kolesteroli nzuri imepanda! Mbaya ilikuwa 2.3 akiwa na vidonge, sasa 4.4. Muuzaji anasema hiyo ni takataka inatoka mwilini, itashuka. Na dumu la lita 20 nimeshalilipia.

MamaMahamri: Ya Rabi. Marehemu mume wangu alianza hivyo hivyo, mdomo. Tukasema ni upepo mbaya, tukamfukiza udi. Wiki ya tatu hakuamka na mkono wa kulia.

MpishiWaWodi: Pole sana Bi.

Dada, soma polepole. Mafuta ya nazi peke yake hayapandishi kutoka 2.3 hadi 4.4. Uchambuzi wa majaribio uliotoka 2020 ulionyesha kwamba, ukilinganisha na mafuta ya mbegu kama alizeti, yanaongeza LDL, ile kolesteroli mbaya, kama 0.3 kwa wastani, kwa namba za maabara kama hizo mlizopewa. Kilichobaki, kwa sehemu kubwa, ni vidonge mlivyoacha. Hakuna takataka inayotoka. Ile nzuri imepanda kweli, mafuta ya nazi hufanya hivyo, lakini zimejaribiwa dawa za kuipandisha na mashambulizi ya moyo hayakupungua. Haifuti ile mbaya.

Sasa hesabu ya jikoni. Vijiko viwili vikubwa ni kama gramu 28 za mafuta, na gramu 23 hivi kati ya hizo ni zile zilizoshiba. Shirika la Afya Duniani linataka zisizidi sehemu ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, yaani kama gramu 22 kwa mtu anayekula kalori 2,000. Mzee anamaliza fungu lake lote kabla hajagusa chai. Mchana anakula nini?

BintiLangoni: Wali wa nazi. Nazi moja, tuko sita.

MpishiWaWodi: Nyama ya nazi iliyokomaa tuseme gramu 300, theluthi yake ni mafuta. Mengine yanabaki kwenye chicha, kwa hiyo sahani yake ina karibu kijiko kimoja. Tayari anayala. Sisemi muache wali wa nazi, sisi ni watu wa pwani. Pikeni kwa tui la pili, lile jepesi, na siku nyingine wali mweupe. Kukaangia tumieni alizeti au uto wa simsim. Kijiko cha asubuhi akiache leo. Na wiki hii arudi kliniki aseme la mapaja. Dozi hupunguzwa au kidonge hubadilishwa.

KijanaMambrui: Madaktari wanasukuma dawa tu, biashara hiyo.

PundaMchovu: Na dumu la lita 20 ni sadaka?

FundiJahazi: Ngojeni. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24. Lamu hii, hata kusi ikivuma, ndani ya nyumba hayafiki kuganda "kila asubuhi". Kabatini kwangu ni maji mwaka mzima. Huyu yuko Nairobi anaandaa tangazo. Kesho utaona namba ya simu ya kuagiza.

KijanaMambrui: Kweli! Hata mimi nilishtuka.

BintiLangoni: Subhanallah. Chupa inakaa kwenye friji, muuzaji alisema yasiharibike. Mtu anatunga kuhusu mdomo wa baba yake?

FundiJahazi: Watu wametunga makubwa kuliko hayo. Taja basi friji hiyo ina nini kingine.

BintiLangoni: Nusu changu, ukwaju na insulini ya mama. Umeridhika?

MamaMahamri: Muache mtoto wa watu. Hata akiwa anatunga, kuna anayesoma mwenye baba kama huyo.

FundiJahazi: Haya, nimenyamaza. Sijasema nimeamini.

MpishiWaWodi: Dada, mzee mwenyewe amekubali kurudi kliniki?

BintiLangoni: Nimekwenda kumwambia. Chupa haimo kwenye friji. Yuko barazani nayo, anamgawia jirani kwa kijiko.