Luku inanimaliza dukani: friza, taa na kuchaji simu. Nipunguze wapi?

DukaLaKona:
Wakuu habari za jioni. Nina duka dogo Mbagala, fremu moja. Nauza vitu vya kawaida vya dukani, soda na maji baridi, barafu za ukwaju za watoto, na pembeni nachajisha simu kwa 300. Tatizo ni umeme. Nikinunua wa 10,000 napata uniti 28, na siku nne haziishi vizuri luku inaanza kulia. Kwa mwezi naona inafika 75,000, na kodi ya fremu ni 80,000. Yaani nalipa kodi mara mbili.

Vitu nilivyonavyo: friza moja ya kulala (niliichukua mtumba), tyubulaiti mbili ndani zinazowaka tangu nafungua saa kumi na mbili asubuhi hadi nafunga saa nne usiku kwa sababu fremu ina giza, balbu moja nje usiku kucha, na simu kama 30 kwa siku. Nimefikia kuamua kuacha hii kazi ya simu, maana ukiangalia zile waya zinavyoning'inia ukutani unaona kabisa umeme unakwenda huko. Nishaurini kabla sijawafukuza wateja.

Chapchap:
Acha simu haraka sana dada. Chaja ndizo zinazokula umeme, tena hizi za mchina. Mimi nilikuwa nazo nikaziondoa zote.

BintiTanga:
Friza unaiuza bei gani? Nipo Temeke naweza kuja kuiona.

DukaLaKona:
@BintiTanga siuzi dada, nimeomba ushauri wa umeme 😂

FundiBaridi:
Dada usiache simu. Simu kubwa ya betri 5000 kuijaza kutoka sifuri inachukua kama 0.025 ya uniti, hapo nimeshaweka na kinachopotea kwenye chaja. Uniti moja inajaza simu 40. Kwa bei yako ya uniti, kama 356 ukishakatwa kodi zote, kila simu inakugharimu shilingi tisa na wewe unapokea 300. Na katika hizo 30 lazima kuna vitochi, ambavyo havifiki hata robo ya hapo. Simu zako zote kwa siku hazizidi nusu uniti au kidogo zaidi. Ukiacha, unaokoa mia mbili na unapoteza elfu tisa.

Wewe unatumia uniti saba kwa siku. Tutafute hizo sita na nusu nyingine ziko wapi. Fanya hivi: leo ukifunga, zima kila kitu, iache friza peke yake. Andika namba ya luku. Kesho ukifika, kabla hujawasha taa, andika tena. Halafu utuambie.

MzeeWaReli:
Binti, mimi nilikuwa na duka Morogoro miaka mingi. Dawa ni moja, zima friza usiku. Ikijaa soda na barafu haiwezi kupoteza baridi mpaka asubuhi. Masaa nane bure kabisa. Hakuna haja ya hesabu zote hizo.

Chapchap:
Kuna kifaa kinauzwa Kariakoo unachomeka tu kwenye soketi kinapunguza bili nusu. Jirani yangu anacho.

FundiBaridi:
@Chapchap nimewahi kukifungua hicho. Ndani kuna kapasita ndogo na kitaa cha kijani. Luku ya dukani inahesabu umeme uliotumika, na hicho hakipunguzi chochote, zaidi ya kuongeza kitaa chake.

@MzeeWaReli shikamoo mzee. Kuna ukweli hapo ila siyo masaa nane bure. Ukiwasha asubuhi mota inakimbia mfululizo kurudisha ile baridi iliyopotea, kwa hiyo unachookoa ni sehemu tu ya hayo masaa. Kwa soda na maji siyo mbaya. Kwa mwenye samaki au kuku, asijaribu.

MzeeWaReli:
Marahaba. Mimi nilikuwa naokoa, na hela nilikuwa naiona.

DukaLaKona:
@FundiBaridi nimefanya. Jana saa nne usiku ilisoma 19.6, leo saa kumi na mbili asubuhi 17.6. Uniti mbili! Friza peke yake!

FundiBaridi:
Balbu ya nje uliizima?

DukaLaKona:
Hapana, ile ni ya ulinzi, huwa haizimwi. Nilijua hiyo ni kitu kidogo.

FundiBaridi:
Ni ile ya nyuzi inayochoma ukiigusa? Isome imeandikwa wati ngapi. Halafu leo rudia, uizime hata hiyo, usiku mmoja tu.

KijanaWaLindi:
Mimi kwangu tatizo ni kama lako ila ni pasi na hita ya maji. Naomba mnisaidie na mimi, natumia 40,000 kwa mwezi na naishi peke yangu. Pia @DukaLaKona kwa nini usiombe wakuweke kwenye ile bei nafuu ya uniti mia mia? Shangazi yangu yuko huko.

FundiBaridi:
@KijanaWaLindi hita ndiyo hiyo hiyo mkuu, washa robo saa kabla ya kuoga na uzime, fungua uzi wako tukujadili. Ile bei ya 100 ni ya majumbani, kwa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka 75 uniti zinazofuata zinaruka hadi 350 kabla ya kodi. Dada anakaribia 210. Tena yake ni duka, kwa hiyo bei hiyo haimhusu.

DukaLaKona:
Nimerudi. Balbu ni wati 100. Jana bila balbu imekula 1.2 kwa usiku mzima.

FundiBaridi:
Sasa tunaelewana. Balbu inakula 0.8 kwa masaa nane hayo, na kwa kuwa inawaka kuanzia magharibi, ni 1.2 kwa siku. Zile tyubulaiti mbili za zamani, pamoja na choki zake, ni kama wati 90, mara masaa 16, unapata 1.4. Simu 0.4. Kinachobaki ni friza, kama uniti nne kwa siku.

Friza ndogo nzima, imejaa, imefungwa usiku kucha, mimi huwa sitarajii izidi nusu uniti hivi. Yako ni zaidi ya mara mbili. Inaumwa. Hebu niambie imekaa wapi, barafu ya pembeni ina unene gani, kile kinobu kiko namba ngapi, na chukua noti ya elfu, ibane kwenye mfuniko, uivute. Fanya pande zote nne.

DukaLaKona:
Imesukumwa kwenye kona, imegusa ukuta unaopigwa na jua la jioni. Ubavuni nimepanga maboksi ya sabuni kwa sababu nafasi hakuna. Barafu ndani ni vidole viwili, kikapu hakiingii tena. Kinobu kiko 7, nilikuta hivyo. Noti mbele inabana, ila nyuma karibu na bawaba inatoka yenyewe, na mpira pale umepasuka kama urefu wa kidole. Fundi wa mtaani alisema gesi imepungua, anataka 60,000.

FundiBaridi:
Msubirishe huyo fundi. Gesi ikipungua, kwa kawaida barafu hushika sehemu moja tu na kwingine panakuwa pakavu, na vitu havigandi. Yako imeshika kuta zote na barafu za ukwaju zinaganda. Hiyo barafu nene imeletwa na hewa ya nje inayoingia pale mpira ulipopasuka. Hewa ya Dar ina unyevu, ikifika ndani inageuka barafu, na barafu nayo inazuia baridi isitoke kwenye kuta kwenda kwenye soda. Mota inapiga kazi bila kupumzika.

Siku ambayo friza imebaki na vitu vichache, zima, fungua mfuniko, weka ndani beseni la maji ya moto na usubiri. Usichokonoe kwa kisu. Mabomba yako nyuma tu ya lile bati, ukitoboa moja hapo gesi itaisha kweli. Mpira badilisha. Kisha sogeza friza iachane na ukuta kiganja kizima, na maboksi yaondoke. Ukigusa ubavu wa friza utaona una joto, lile ni joto linalotolewa kutoka ndani. Umeliwekea blanketi la sabuni.

Kinobu rudisha 3 au 4 uone kama barafu zinaganda. Na kreti mpya za soda ziingize usiku unapofunga, siyo saa saba mchana zikiwa zimetoka juani.

MzeeWaReli:
Hili la kreti usiku ni kweli kabisa. Asubuhi zimepoa na mlango hujaufungua ovyo.

KijanaWaLindi:
Na sola kwa ajili ya simu je? Paneli ya wati 100 siku hizi siyo ghali.

FundiBaridi:
Simu zake zinakula kama shilingi 150 kwa siku. Paneli, betri na kidhibiti vitachukua miaka kurudisha hela yake, na betri itakufa kabla. Faida yake ni siku umeme umekatika mtaa mzima, maana wote watakuja kwake kuchaji. Hiyo ni biashara tofauti, siyo kupunguza luku.

DukaLaKona:
Wiki mbili zimepita, naleta mrejesho. Mpira mpya na ufundi 25,000. Friza imeyeyushwa, ilitoa maji ndoo mbili. Nimeweka tyubu za LED za wati 18, fundi akatoa choki na stata za zamani, na nje balbu ya wati 9. Jana usiku friza peke yake imekula 0.8. Umeme wa 10,000 sasa unamaliza siku saba.

Namba 3 soda ni baridi ila barafu za ukwaju zilikuwa laini jioni, watoto wakanirudishia. Nimepandisha 5.

FundiBaridi:
Kutoka uniti saba hadi nne. Hiyo ni kama 32,000 kwa mwezi. 0.8 bado iko juu kidogo, huenda mota imechoka au lile povu la kwenye kuta limelowa maji. Hapo sitakudanganya, bila kuiona siwezi kusema.

DukaLaKona:
Asante sana kaka. Kuna jambo jingine limetokea. Nilipozima balbu ya nje ile usiku mmoja wa kipimo, wapangaji wa nyuma walilalamika kwa mwenye nyumba kwamba korido ina giza. Kumbe miaka miwili mimi ndiye namulikia nyumba nzima kwa luku yangu! Sasa nataka wachangie, wao wanasema balbu ya wati 9 siyo hela ya kuchangia.

BintiTanga:
Na hesabu zako mwenyewe ndizo watakazozitumia, ni shilingi arobaini kwa usiku 😂 Ila ukibadilisha friza nistue.