Mwenye boda hakumgusa marehemu. Ashtakiwe mauaji?

Shiro wa Bondeni, Nakuru
Wadau, hapa mtaani tumegawanyika. Tuseme kijana wa boda amebeba jamaa wawili usiku hadi dukani, akangoja nje. Ndani mwenye duka akachomwa kisu na kufa. Kijana hakuingia wala hakushika kitu. Ni haki ashtakiwe mauaji sawa na aliyechoma?

Boda wa Kaptembwo
Si haki, mchana wala usiku. Abiria akisema twende, naenda. Nikianza kupekua mifuko ya watu nitalisha watoto na nini? Mwenye kisu akitoroka, polisi wanamfuata mwenye pikipiki kwa sababu pikipiki ina namba.

Mwalimu Wekesa, Bungoma
Shiro, jambo hili liliisha 2016. Mahakama ya Juu ya Uingereza, kesi ya Jogee. Walisema kuona mbele kwamba mwenzako huenda akaua hakutoshi, lazima wewe mwenyewe uwe umekusudia. Sheria yetu tuliirithi kwao, kwa hivyo kijana ni huru.

Karani Mstaafu, Kisumu
Mwalimu, umeshika nusu. Jogee alikuwa nje ya nyumba na chupa mkononi, akimchochea mwenzake, na mwenzake ndiye aliyechoma mtu kwa kisu cha jikoni. Majaji walisema mahakama zilipotea njia tangu 1984, zilipofanya kule kuona mbele kuwe hatia yenyewe. Sasa ni ushahidi tu wa nia. Lakini Jogee hakwenda nyumbani. Kesi ilirudiwa na akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Hong Kong na Australia walikataa kabisa kuufuata uamuzi huo.

Sisi tuna maandishi yetu, kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu. Kinauliza mambo mawili. Kwanza, je, mliungana kwa nia moja kufanya jambo haramu? Pili, kosa lililotokea lilikuwa tokeo ambalo huenda likafuata jambo hilo? Ukijibu ndiyo kwa yote mawili, kila mmoja anahesabiwa ametenda. Hakuna mahali panaposema lazima kijana awe ametaka mtu afe.

Sasa mpime kijana wa Shiro. Kama aliambiwa tu "tupeleke Free Area" na hakujua lingine, jibu la swali la kwanza ni hapana, na la pili halifikiwi. Kama alijua wanaenda kuiba kwa nguvu na kisu kipo, kuchomwa kwa mwenye duka akikataa ni jambo la kutarajiwa, na kukaa nje hakumwokoi. Kazi ngumu iko katikati: aliambiwa wanaenda kudai deni, lakini aliona mmoja akificha kitu kirefu ndani ya koti. Hapo jaji hutazama alifanya nini. Alizima taa? Alisimama mbali na lango? Alipigiwa simu kabla? Aligawiwa pesa kwa M-Pesa baadaye?

Wala msidhani ni lazima mkutane na kupanga. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema tangu 1943, katika kesi ya Tabulayenka, kwamba nia ya pamoja inaweza kusomwa kutokana na kuwepo kwa watu pale, matendo yao, na kutojitenga kwao. Ndiyo maana hata wale wanaozunguka mwizi akipigwa pale Kondele si salama.

Achieng wa Kibuye
Mzee, hapo umenigusa. Nauza samaki. Mwizi akishikwa mbele ya meza yangu, niache samaki niende wapi? Umeniita muuaji kwa sababu nina macho?

Karani Mstaafu, Kisumu
Mama, sijakuita hivyo. Kusimama peke yake hakutoshi. Nimesema kuwepo pamoja na matendo.

Achieng wa Kibuye
Umeandika "kuwepo" na "kutojitenga". Nijitenge vipi na mahali ninapofanyia kazi? Mimi nilipiga kelele "muacheni". Na wale waliosema "muue" wako nyumbani, hakuna aliyewauliza.

Boda wa Kaptembwo
Mama Achieng, hao watu wa vitabu hawajawahi kusimama katikati ya umati. Ukisema "muacheni" kwa sauti, unaambiwa wewe ni mwenzake mwizi.

Mwalimu Wekesa, Bungoma
Lakini tuseme ukweli, kuna wanaosimama ili mwizi asipate pa kukimbilia. Wao hawarushi jiwe, ila wamefunga njia. Huyo namwona mshiriki. Na anayepiga picha akicheka je?

Achieng wa Kibuye
Mwalimu, wewe ulikuwa unamtetea kijana wa boda sasa hivi. Umeshageuka unanifungia mimi!

Karani Mstaafu, Kisumu
Mwalimu amegusa jambo. Anayefunga njia anasaidia kwa mwili wake, na hapo kifungu cha 20 kinaingia: msaidizi na mchochezi wanashtakiwa kama watendaji. Anayepiga picha peke yake ni vigumu kumfunga. Anayepaza sauti "choma" ni rahisi, akipatikana shahidi wa kumtaja. Ndiyo sababu watu kama wewe, mama, hufika mahakamani kama mashahidi kuliko kama washtakiwa.

Nekesa, Kakamega
Samahani kuwakatiza. Ndugu yangu yuko rumande kwa wizi kama ule wa kijana wa boda. Walikuwa watatu, aliyepigwa hakufa, alishonwa tu kichwani. Kwa vile hakuna aliyekufa, si atapata kifungo kidogo?

Karani Mstaafu, Kisumu
Dada, hapana, na pole sana. Hilo ni la kifungu cha 296(2), wizi wa mabavu. Si lazima mtu afe ndipo ushtakiwe hapo. Silaha hatari, au kuwa na mwenzako mmoja tu, au kujeruhi, kila kimoja kinatosha. Na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa mauaji. Julai 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji tu. Kwa hivyo aliyengoja nje ya wizi anaweza kukabili adhabu ngumu kuliko aliyeshiriki kuua. Mwulizeni wakili wake, mapema, ni ushahidi gani unaoonyesha ndugu yako alijua wanakokwenda. Msingoje siku ya kujitetea.

Nekesa, Kakamega
Anasema hakujua, ila alikimbia nao.

Karani Mstaafu, Kisumu
Kukimbia kunamtia shaka, lakini mtu hukimbia kwa hofu pia. Peke yake hakuthibitishi mpango. Wataunganisha na mengine.

Shiro wa Bondeni, Nakuru
Naona aliyejua lazima aulizwe. Lakini jaji anamjuaje, kama wale wawili wanasema "alijua" ili kupunguza yao?

Karani Mstaafu, Kisumu
Hilo jaji huliangalia kwa tahadhari kubwa. Maneno ya mshtakiwa mwenzako ni dhaifu, yanahitaji kushikwa na ushahidi mwingine. Zile simu na pesa nilizozitaja ndizo zinazoamua.

Boda wa Kaptembwo
Sasa niambie mimi. Niko nje, nasikia mayowe ndani. Nifanye nini nisiwe mwenzao?

Karani Mstaafu, Kisumu
Ondoka bila wao, upige simu polisi mara moja. Ukiwarudisha mtaani ukijua wameua, hata kama hukuwa kwenye mpango, kuna kosa la kumsaidia muuaji baada ya tendo, na kifungo chake hufika miaka 7.

Boda wa Kaptembwo
Nikienda kituoni na pikipiki yangu, mimi ndiye nitalala ndani usiku huo. Wewe unajua hivyo.

Mwalimu Wekesa, Bungoma
Ripoti ya usiku huohuo itakuwa na saa yake kwenye kitabu cha matukio. Ukingoja wiki, itasemwa umeitunga.

Achieng wa Kibuye
Na mimi wa Kibuye? Nikipiga simu ile, samaki wangu analindwa na nani, na jina langu linaandikwa wapi?

Boda wa Kaptembwo
Mama, hata mimi nataka hilo jibu. Karani, tunakungoja.