Maiki ya USB au kondensa yenye kadi ya sauti, kwa kazi ya kusoma hati nyumbani?

Bi Mwana (Chake Chake)
Assalamu alaykum. Nakusudia kuanza kazi ya kurekodi sauti nyumbani kwa malipo, na fedha niliyonayo haitoshi kujaribu huku na huku. Duka moja la Darajani limenitajia maiki ya dainamiki ya USB kwa shilingi 260,000, na seti ya kondensa pamoja na kadi ya sauti kwa shilingi 580,000. Ninunue ipi? Naomba pia kujua demo ya sauti yangu ya kumsikilizisha mteja iwe na urefu gani na dakika moja iliyokamilika hulipwa kiasi gani.

Kijana wa Fuoni
Kondensa, bila ya kufikiri mara mbili. Studio nyingi zinatumia hiyo kwa sababu inachukua sauti kwa uwazi, na dainamiki humfanya msomaji asikike mzito. Kelele zisikutishe; bandika trei za mayai ukutani na mambo yamekwisha.

Maalim Shaame
Kwa shughuli za maulidi na harusi, mwanangu, kondensa itakupigia miluzi kwenye spika. Chukua dainamiki mbili na mikisa yenye njia nne.

Fundi wa Zamani
Maalim, Bi Mwana anarekodi peke yake chumbani, wala hana spika mbele yake. Na wewe Bi Mwana umeuliza bei ya vyombo kabla ya kutueleza nyumba. Chumba ni kipi, kimeezekwa kwa nini, kuna nini nje ya dirisha, na utakuwa ukisoma matangazo au masomo? Je, mteja yupo?

Bi Mwana (Chake Chake)
Samahani, wakubwa. Ni chumba cha nyuma, kuta za matofali, bati juu bila ya dari, na msikiti uko nyumba ya tatu. Mteja yupo: ni video ya mafunzo kwa wakulima wa mwani, hati ina maneno 1,320, na wametaja shilingi 120,000 kwa kazi nzima.

Sauti ya Wete
Basi chukua dainamiki, kwa sababu haisikii kelele za nje.

Fundi wa Zamani
Hapo umepata nusu. Dainamiki inasifiwa hivyo zaidi kwa sababu huilazimu midomo ikaribie, na ukikaribia, sauti yako huwa kubwa kuliko ya chumba. Ukikaa mbali nayo utaongeza nguvu ya kurekodia, na hapo jogoo wa jirani atapanda pamoja nawe, tena kadi dhaifu italeta mvumo wa shii chini ya kila neno. Kondensa nayo ukiisogelea shubiri moja, ukaielekeza pembeni kidogo ya midomo ili herufi P na B zisipige, inaweza kufanya kazi safi, lakini chumba kiwe kimya kweli.

Trei za mayai, Kijana, hazizuii sauti ya nje hata kidogo, na mwangwi huupunguza kidogo tu. Bi Mwana asimamishe godoro nyuma yake na jingine ubavuni, atundike mablanketi mazito mbele, kisha apige kofi moja. Akisikia mlio unabaki hewani, bado.

Kabla ya kununua chochote, aazime maiki yoyote ya kompyuta. Afungue programu ya Audacity, arekodi sekunde kumi za ukimya na kisha aya moja kwa sauti ya kawaida, huku vilele vya sauti vikifika kama -6 dB hivi. Ile sehemu ya ukimya ikiwa juu ya -60 dB, huenda tatizo ni nyumba, na hapo shilingi 580,000 hazitaliondoa. Friji izimwe wakati wa kurekodi na pangaboi lisizunguke. Kwa paa la bati lisilo na dari, mvua ya masika ikianza hakuna maiki itakayomsaidia, asubiri.

Kijana wa Fuoni
Kuna chombo cha kuondoa kelele humo humo Audacity. Kwa nini ateseke?

Fundi wa Zamani
Kinafaa kwa mvumo mdogo usiobadilika. Ukikikaza ili kifute honda inayopita, msomaji atasikika kama anazungumza ndani ya mtungi, na mteja hawezi kurudisha kilichofutwa.

Mchanga Mdogo
Maiki mtaimaliza wenyewe. Mimi nitazungumzia malipo, kwa kuwa hapo ndipo nilipoumizwa. Mteja mmoja wa mafunzo alinipa hati ndefu na tukakubaliana bei kwa kila dakika iliyokamilika, bila ya kuandika dakika hiyo inahesabiwa wapi. Nikakabidhi faili safi la dakika 14, makosa yameondolewa na vituo vimepangwa vizuri. Yeye akaenda kufupisha vituo vyote, akatupa sura mbili alizoona hazihitajiki tena, akaongeza kasi kidogo pale picha zilipokuwa fupi, kisha akanilipa dakika tisa kwa sababu video yake ilikuwa ya dakika tisa. Nilipolalamika alinijibu kwamba kilichokamilika ni video. Na juu ya hayo alikuwa ameshanirudishia aya kadhaa nizisome upya kwa kuwa bosi wake amebadilisha maneno, si kwa kuwa nilikosea, na zile hazikulipwa hata senti. Tangu hapo naandika mapema: dakika ni za faili ninalokabidhi mimi, kosa langu nalisahihisha bure, hati ikibadilika baada ya kurekodiwa, hiyo ni kazi mpya.

Sauti ya Wete
Ndiyo maana mimi nahesabu maneno. Dakika humtajirisha anayesoma polepole.

Mchanga Mdogo
Lakini mafunzo ya wakulima yanataka usomaji wa polepole. Kwa nini alipwe sawa na anayekimbia?

Fundi wa Zamani
Vyote viwili hukutana. Hati ya mafunzo kwa Kiswahili mimi huisoma kwa maneno kama 110 kwa dakika, kwa hiyo maneno 1,320 ni dakika 12, na shilingi 120,000 ni 10,000 kwa dakika. Sasa tazama kazi yenyewe. Kwa anayeanza, kusoma pamoja na kurudia hula karibu saa moja, kukata na kusikiliza tena mpaka mwisho hula saa mbili nyingine, bila ya marekebisho. Mimi ningeomba 15,000, yaani 180,000, na nikateremka kama hati haitabadilika. Kazi ya nusu dakika, kama salamu za simu ya hoteli, iwe na kima cha chini, usigawe dakika kwa mbili. Tangazo la redio ni jambo jingine kabisa, kwani hapo unalipwa kwa mahali litakaporushwa na kwa muda gani.

Kijana wa Fuoni
Kwa 15,000 atakosa wateja. Mimi nachukua 6,000 na sikai bure.

Mchanga Mdogo
Na marekebisho unafanya mangapi kwa hiyo 6,000?

Bi Mwana (Chake Chake)
Nashukuru. Na demo?

Fundi wa Zamani
Sekunde 60 hadi 90, vipande vya sekunde 10 hadi 15, kilicho bora kabisa kiwe cha kwanza, na usitangulize jina na muziki mrefu, maana wengi huacha kusikiliza mapema. Kwa mteja huyu tengeneza ya mafunzo peke yake: kwa mfano kipande cha maelekezo ya kufunga mbegu za mwani kwenye kamba, kimoja cha afya, kimoja cha hadithi fupi. Andika maneno yako mwenyewe, na urekodi chumba kile kile utakachofanyia kazi, ili anachosikia ndicho atakachopokea.

Sauti ya Wete
Pumzi kati ya sentensi aziache au azikate?

Kijana wa Fuoni
Akate zote.

Mchanga Mdogo
Akikata zote atasikika kama hana mapafu. Azipunguze sauti tu, zile kubwa.

Bi Mwana (Chake Chake)
Usiku, baada ya Isha, nitaazima maiki ya shemeji na kurekodi huo ukimya. Jana umeme ulikatika na nyumba ilikuwa kimya kabisa, mpaka jirani alipowasha jenereta.