Mrejesho: uchakavu wa friza ya duka, Moshi

Niliuliza: "Nimweleweshe vipi mhasibu wetu mbona uchakavu wa friza umeruka kutoka 400,000 hadi 600,000? Ripoti ni ya Kiingereza."

Wakuu, asanteni, dada kaelewa. Alidhani tumehamia njia ya asilimia ya salio, lakini hiyo ingeshusha uchakavu kila mwaka. Njia ni ileile ya mafungu sawa. Kilichopungua ni muda wa matumizi, kutoka miaka 5 hadi 4.

Friza ilinunuliwa 2,400,000, thamani ya mwisho 400,000. Baada ya miaka 2 vitabuni imebaki 1,600,000. Toa 400,000, gawa kwa miaka 2 iliyobaki: 600,000. Alitaka pia kufumua hesabu za nyuma (nilimuwahi!). Makadirio yakibadilika, unarekebisha kuanzia hapo kwenda mbele tu.