Mrejesho: Maoni ya ripoti ya mwanafunzi mwenye haya

Niliuliza: “Nimwandikieje maoni ya mwisho wa mwaka mwanafunzi wa Gredi ya 5 anayeweza sana lakini hazungumzi darasani?”

Nawashukuru walimu wenzangu. Neno “mkimya” sikulitumia, kwa kuwa linataja tabia wala si kiwango. Nilipima kila stadi peke yake, nikaona kwamba katika kuandika amezidi matarajio, ilhali katika kuzungumza anakaribia matarajio, kwani mbele ya darasa sauti yake hufifia baada ya sentensi ya kwanza. Nikaandika: “Insha zake zina mtiririko mzuri na msamiati teule. Hueleza hoja kikamilifu akiwa na wenzake wawili. Mwaka ujao aanze kuwasilisha mbele ya kikundi cha wanafunzi sita, kisha darasa zima.” Mwalimu mkuu ameyapitisha bila kubadilisha neno.