Mwenzetu kahama Januari, sasa sisi watatu twadaiwa kodi yake hadi Agosti

Zuhura_Tudor
Nina hasira hata usingizi siupati. Tuko wasichana wanne, wanafunzi sote, tulikodi nyumba ya vyumba vitatu hapa Tudor kwa shilingi 32,000 kwa mwezi. Kila mtu zake 8,000. Mkataba ni wa mwaka mmoja, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Agosti. Dipoziti ilikuwa kodi ya mwezi mmoja, nayo pia tuligawana sawa. Tulisaini karatasi moja sote wanne ofisini kwa ajenti, keateka yuko mlangoni na funguo, na hakuna hata mmoja wetu aliyesoma ukurasa wa tatu.

Mwisho wa Januari mmoja wetu akapakia vyombo vyake kwenye tuktuk. Kapata mafunzo ya kazi Nairobi, harudi. Akatuambia, "Dipoziti yangu iwe kodi ya Februari, tumemalizana." Basi Februari tukatuma 24,000. Ajenti akajibu siku hiyo hiyo: mna deni la 8,000, lilipwe kabla ya tarehe 10.

Nikampigia. Akanisomea huo ukurasa wa tatu: wapangaji wanawajibika kwa kodi yote "kwa pamoja na kila mmoja peke yake." Nikamuuliza, kwani mimi nilikodi kitanda cha mtu mwingine? Akasema mwenye nyumba hahesabu vitanda, anajua nyumba moja na kodi moja.

Miezi iliyobaki ni saba, kwa hivyo sehemu yake ni 56,000. Tukigawana watatu, kila mmoja karibu 18,700 juu ya kodi yake. Mamangu anauza viazi karai Kongowea na kodi yangu yatoka kwenye karai hilo. Sijachelewa kulipa hata mwezi mmoja, ujumbe wote wa M-Pesa ninao. Kwa nini abanwe aliyebaki, na aliyekimbia asiguswe? Hii ni dhuluma.

KijanaWaKisauni
Dada usiwape hata shilingi. Sheria ni notisi ya mwezi mmoja tu, mwenzenu angetoa notisi kila kitu kingeisha. Nyinyi nendeni kwenye baraza la kodi, pale mpangaji anasikilizwa.

MamaLikoni
Pole mwanangu. Wangu alikuwa Mtwapa, bedsita, alipohama wakamkata dipoziti yote wakisema ni rangi ya ukuta, na ukuta aliuacha mweupe pepe. Piga picha kila chumba kabla hujatoka, wasikudanganye.

Zuhura_Tudor
Ahsante mama, lakini sisi hatuhami. Tatizo letu ni kodi ya mtu aliyehama.

MzeeWaMakupa
Nimesimamia nyumba za watu miaka mingi, wanafunzi nimewaona wengi. Zuhura, ajenti hajakudanganya kuhusu hicho kifungu, lakini kakueleza nusu.

Upande wa mwenye nyumba, kila mmoja wenu anadaiwa 32,000 nzima. Anaweza kumfuata yeyote, na kwa kawaida humfuata aliye karibu au mwenye mzazi anayelipa. Hawezi kukusanya zaidi ya 32,000 kwa mwezi, basi, lakini hana wajibu wa kuanza na yule aliyekosa. Mkimwachia pengo la 8,000 kila mwezi, deni ni la nyumba yote. Siku akileta dalali, haulizwi mtu runinga hii ya nani.

Nusu aliyoificha ni hii: huyo aliyeondoka hajatoka. Jina lake lingali kwenye mkataba, na yeye pia anadaiwa mpaka Agosti, hata akiwa Nairobi. Na baina yenu wanne, sehemu yake ni yake. Mkimlipia 8,000, hizo ni pesa mnazomdai yeye. Kwa hivyo lipeni pengo, lakini lipeni kwa ushahidi. Kila mmoja atume sehemu yake kwa namba yake mwenyewe, kisha siku hiyo hiyo mwandikieni: leo tumekulipia kodi ya Februari 8,000, tunaidai.

Dipoziti isahauni kwa sasa. Si akiba ya mtu mmoja mmoja, ni dhamana ya nyumba yote, na mwenye nyumba halazimiki kuigeuza kodi katikati ya mkataba.

Kijana wa Kisauni, notisi ya mwezi mmoja ni ya upangaji wa mwezi hadi mwezi. Huu una tarehe ya mwisho, na hauvunjwi na notisi ya mtu mmoja ila kama wenyewe umeruhusu. Baraza unalolisema, sheria yake inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500. Hii ya Tudor haimo.

KijanaWaKisauni
Hiyo ya 2,500 sikuijua. Lakini mkataba ukiisha Agosti na wakaendelea kukaa wakilipa, si hapo ndipo unakuwa wa mwezi hadi mwezi?

MzeeWaMakupa
Hapo umesema kweli.

Zuhura_Tudor
Mzee, kuna jambo sikulitaja. Alimwachia keateka ufunguo wake, na ajenti akamwandikia, "Sawa, umepokelewa." Yeye anatuonyesha ujumbe huo kama cheti cha uhuru.

MzeeWaMakupa
Kupokea ufunguo mmoja si kupokea nyumba, na nyinyi watatu mngali ndani. Lakini ombeni mazungumzo yote, si huo mstari mmoja. Kama kuna mahali ajenti kamwambia hana deni tena, mambo yanabadilika, na hapo sitaki kukuhakikishia kitu. Mwonyesheni wakili.

Dawa yenu ni kupata mtu wa nne. Na asiingie kienyeji. Niliona nyumba moja Bamburi, mmoja kahama, wenzake wakaleta kijana mpya, akawa anatuma kodi kwa ajenti miezi mitatu bila karatasi. Mwezi wa nne akapotea. Mwenye nyumba akarudi kwa majina manne ya mwanzo, na yule aliyehama zamani akapigiwa simu kudaiwa miezi ambayo hakulala pale. Andikeni karatasi asaini mwenye nyumba, anayetoka, anayeingia na nyinyi watatu. Iseme huyu anatoka tarehe fulani, huyu anashika nafasi yake tangu hapo, na dipoziti ya 8,000 sasa ni ya nani. Kama aliyetoka anawadai dipoziti na nyinyi mnamdai kodi mliyomlipia, kateni hapo hapo.

Salma_NyaliRoad
Akikataa kulipa, Mahakama ya Madai Madogo iko Mombasa, inapokea madai hadi shilingi 1,000,000 na huhitaji wakili.

MzeeWaMakupa
Ni kweli, lakini ile mahakama ina aina zake za madai, na deni la kodi baina ya wapangaji wenyewe sijui hakimu ataliweka fungu gani. Ulizeni kwenye dawati la usajili kabla ya kulipia faili.

Salma_NyaliRoad
Mimi naona linaingia, ni pesa waliyomlipia mtu.

Zuhura_Tudor
Tumelipa. Kila mmoja katoa karibu 2,670 ya ziada, na nimemwandikia kama alivyosema mzee. Kausoma, hajajibu. Bado nina uchungu naye, tumekula sahani moja miezi mitano.

Jumamosi kuna msichana wa mwaka wa pili anakuja kuangalia chumba. Ajenti anataka 3,000 ya "kubadilisha jina", na mkataba wetu hausemi lolote juu ya ada hiyo. Mzee, hiyo ni ya nani kulipa? Sisi, anayeingia, au aliyetukimbia?